Gurudumu la miezi 12 limesema kazi ni Septemba. Nisubiri?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 24. Nilihitimu shahada ya biashara ya kilimo hapa Mbeya Novemba iliyopita. Kwetu ni Tukuyu, ila kwa sasa nakaa Iyunga na rafiki yangu niliyesoma naye. Ana karata za taroti, na usiku wa mwaka mpya alinipangia gurudumu la miezi 12: karata 12 kwa duara kama saa, kila mwezi moja, na ya 13 katikati. Nilichouliza ni kama mwaka huu nitapata kazi.

Januari ilitoka Mkaapweke, Februari Vikombe Vinne, Machi Mnara, Aprili Fimbo Nane, Mei Sarafu Mbili, Juni Panga Kumi, Julai Sarafu Saba, Agosti Panga Sita, Septemba Ree ya Sarafu, Oktoba Kifo, Novemba Vikombe Sita, Desemba Nyota. Katikati ilikaa Sarafu Nane, ambayo alisema haina uzito.

Alinieleza kwamba kazi yangu ni ya Septemba, kwa hiyo kuomba kabla ya hapo ni kupoteza nauli. Juni kuna hatari kubwa, kwani ile karata ilikuwa hata imepinduka, na panga mgongoni ni za ndugu wa karibu aliyenifunga nyota. Tukizungumza tukaona ni mama mdogo. Oktoba ni nyumba ya kumi, nyumba ya kazi, na imekaliwa na Kifo, hivyo hata kazi ya Septemba itakufa. Anamjua mtu wa kunisafisha nyota kwa shilingi 80,000.

Tatizo ni kwamba chama cha msingi cha kahawa kule Mbozi wananihitaji niwe karani wa kupima kahawa kuanzia Juni hadi Septemba, kwa posho. Wanataka jibu kabla ya Februari kuisha. Nikatae? Nisubiri Septemba? Na mama mdogo nimfanyeje, maana tangu siku ile sipokei simu zake.

Mhitimu, Iyunga

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie mama yako mdogo. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibika kila siku inayopita, mengine yanaweza kusubiri nusu saa.

Chukua karata ya Panga Kumi uitazame vizuri. Yuko mtu amelala kifudifudi na panga kumi zimesimama mgongoni mwake. Sasa mtafute aliyezichoma. Hayupo. Kwenye picha kuna maji yaliyotulia, kuna milima kwa mbali, anga jeusi juu na mstari wa manjano wa kupambazuka chini yake, basi. Karata hiyo inazungumzia jambo lililofika mwisho wake na uchungu wa kukiri kwamba limeisha. Haina jina la mtu, haina ukoo, haina mama mdogo. Mama mdogo mmemleta ninyi wawili mkiwa mmekaa chumbani usiku, mkitafuta uso wa kuvisha woga wenu. Hiyo ndiyo inayoitwa ramli chonganishi, na nchi hii imezika wazee wasio na hatia kwa sababu yake. Msomaji wa karata anayejua kazi yake akifika mahali anaulizwa "ni nani?", anafunga karata zake. Na hizo shilingi 80,000 zibaki mfukoni. Nitakuambia chini zitafanya nini.

Nimekaa na karata hizi miaka mingi na ninazipenda, kwa hiyo naomba unielewe kwamba siandiki haya kuzidharau. Wala simlaumu sana rafiki yako. Kupanga gurudumu ni rahisi, kulisoma ndiko kunakomshinda mtu, na amefanya makosa matatu ambayo karibu kila anayeanza huyafanya.

La kwanza ni kuchanganya magurudumu mawili. Duara la karata 12 lina matumizi mawili tofauti. Kuna gurudumu la miezi, ambalo hupangwa kama uso wa saa: Januari kwenye namba moja ya saa, unazunguka hadi Desemba iliyo juu kabisa kwenye namba kumi na mbili. Na kuna gurudumu la nyumba 12 za unajimu. Hilo huanzia kushoto, pale kwenye tisa ya saa, na huzunguka kinyume cha mshale. Katika gurudumu hilo la pili nyumba ya pili ni mali, ya sita ni kazi za kila siku, ya kumi ni cheo na jina la mtu kazini. Halina Januari wala Oktoba. Msomaji huchagua moja kabla hajachanganya karata, kwa sababu karata ileile itasema mambo mawili tofauti kutegemea imekaa wapi.

Rafiki yako alikupangia la miezi. Alipofika Septemba akasoma mwezi, Ree ya Sarafu, kazi. Alipofika Oktoba akahamia kwenye nyumba ya kumi ili Kifo kiangukie kazi yako. Angeshika nyumba tangu mwanzo, ile Ree ingekuwa nyumba ya tisa, ambayo ni ya safari ndefu na elimu ya juu, na kusingekuwa na kazi ya Septemba ya kungoja. Angeshika miezi hadi mwisho, Kifo kingekuwa ni karata ya Oktoba tu. Hawezi kushika yote mawili. Ukimsikia msomaji yeyote anabadili mfumo katikati ya duara, jua karata zimeshanyamaza na anayesema ni woga wake au wako.

La pili ni lile la karata kupinduka. Weka karata 12 kwa duara juu ya meza, miguu ya kila picha ielekee katikati. Zilizo juu utaziona zimesimama sawa. Zilizo chini, yaani Mei, Juni na Julai, utaziona vichwa chini miguu juu kutoka pale ulipoketi. Juni iko chini kabisa, mkabala na Desemba. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba Panga Kumi haikupinduka hata kidogo, ila duara liliigeuza. Ndiyo maana wengi wetu, tukipanga gurudumu, tunaziweka zote zimsimamie msomaji, au tunakubaliana kabla kwamba mara hii kupinduka hakusomwi. Na hata kama ilipinduka kweli, wasomaji wengi huichukua Panga Kumi iliyopinduka kuwa ni maumivu yanayoanza kuondoka, panga zikidondoka. Kuifanya iwe mbaya maradufu ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

La tatu ni hesabu, na hapa nataka utulie kidogo, kwa kuwa wewe umesoma na hesabu huziogopi. Karata za taroti ni 78. Gurudumu lako limechukua 13. Gawanya 13 kwa 78, unapata moja ya sita kamili. Maana yake ni kwamba katika kila wahitimu sita watakaopangiwa gurudumu kama lako, kwa wastani mmoja atakutana na Kifo mahali fulani katika mwaka wake. Vivyo hivyo Mnara, na vivyo hivyo Ree ya Sarafu uliyoifurahia. Hesabu haikusudii kumkomoa mtu, wala kumpendelea. Karata Kuu, zile zenye majina yake zisizo za kundi lolote, ziko 22, kwa hiyo katika 13 tunatarajia kuona tatu au nne. Wewe unazo nne: Mkaapweke, Mnara, Kifo na Nyota. Ni mwaka wa kawaida kabisa. Ungetoa saba au nane ningeinua nyusi.

Kitu pekee kilichozidi kidogo kwako ni Sarafu. Kila kundi dogo lina karata 14, kwa hiyo wastani ni mbili na ushee kwa kila kundi. Wewe una Sarafu nne, na mojawapo ndiyo iliyokaa katikati. Wazee wa pwani wanaocheza karata za kawaida wana majina manne ya makundi: kopa, shupaza, uru na pau. Majina hayo waliyaacha Wareno, na kwa Kireno ni vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Ndiyo makundi yaleyale ya taroti, ambayo ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15 ikiwa mchezo wa mezani tu; kuitumia kutazamia kulienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Sarafu zako, basi, ni uru: mali, mwili, udongo, kazi ya mikono. Nne katika 13 si muujiza. Lakini mtu anapouliza kuhusu kazi na uru wakazidi, msomaji hukaa hapo kwanza.

Na hapo ndipo rafiki yako alipopita haraka. Karata ya katikati ndiyo ekseli ya gurudumu. Mwezi unasomwa kwa kuiuliza katikati: wewe unaihudumiaje hii? Yako ni Sarafu Nane. Katika picha alizochora Pamela Colman Smith mwaka 1909, ambazo karata nyingi za leo zimezifuata, utaona kijana ameketi kwenye benchi, ana patasi na nyundo, anachonga sarafu moja, na nyingi alizokwisha kuzichonga zimetundikwa kwenye nguzo. Mji uko nyuma yake, mbali. Ni karata ya mwanagenzi, mtu anayefanya jambo lilelile mara nyingi hadi mkono uzoee. Haina kiti cha ofisi wala barua ya ajira. Kama ningeambiwa nichague karata moja ya mhitimu anayekaa kwenye mizani ya kahawa miezi minne, akiandika kilo na jina la mkulima kuanzia asubuhi mpaka jioni, nisingepata nyingine.

Sasa tulisome duara lenyewe. Gurudumu halisomwi kama orodha ya matukio, Januari hili, Februari lile. Miezi inayotazamana husomwa kwa jozi, kwa sababu iko kwenye mti mmoja unaopita katikati: Januari na Julai, Februari na Agosti, na kuendelea hivyo. Upande mmoja unaonyesha jambo linapoanzwa, upande wa pili linapojibiwa miezi sita baadaye. Siwezi kukupitisha kwenye zote sita. Nitazikalia zinazokuhusu.

Februari una Vikombe Vinne. Kijana amekaa chini ya mti, amekunja mikono, vikombe vitatu viko mbele yake na mkono umetokeza wingu ukimpa cha nne. Hakioni, au hakitaki, kwa kuwa anatazama chini. Na ni mwezi gani Mbozi wanataka jibu? Sitakudanganya kwamba karata ilijua. Nilizosema kuhusu hesabu bado ni kweli. Lakini kazi ya karata ni kukushikia kioo, na kioo hiki kinauliza: ni kipi ulichopewa ambacho hukitazami kwa sababu unangoja kingine? Mkabala wake ni Agosti, Panga Sita, mtu anayevushwa kwa mtumbwi kutoka maji yenye mawimbi kwenda yaliyotulia. Anayekataa kikombe cha Februari hana mtumbwi wa Agosti.

Jozi ya Machi na Septemba ndiyo moyo wa barua yako, nayo rafiki yako aliitenganisha. Ree ya Sarafu ni mkono unaotoa sarafu moja juu ya bustani. Ni mbegu, ni nafasi. Si mshahara uliokwisha kuingia benki. Nayo inatazamana na Mnara: radi inapiga jengo refu, taji la juu linang'oka, watu wawili wanaanguka. Maana yake ya kazi ni jengo lililosimama juu ya msingi mbovu. Kwa hiyo swali la Machi ni hili: katika yale unayoyategemea Septemba, kipi kina msingi mbovu?

Nitakuambia ninachokijua mimi. Nimeona vijana wakirudishwa mlangoni kwenye usaili wa serikali wakiwa na akili zao zote kichwani, kwa sababu ya karatasi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya chuo, hayakubaliwi. Wanataka vyeti halisi. Wanataka cheti cha kuzaliwa. Na wanataka majina yafanane. Kwetu nyanda za juu hili ni janga la kimyakimya: shule ya msingi uliandikwa jina la babu, sekondari mwalimu akaandika herufi moja tofauti, kitambulisho cha NIDA kikafuata lingine. Jina likitofautiana kati ya cheti na cheti, unatakiwa uwe na hati iliyosajiliwa ya kubadili jina, na hati hiyo haipatikani asubuhi ya usaili. Radi ikipiga hapo, mnara unaanguka kweli, na hakuna nyota iliyofungwa na mtu.

Basi Machi yako ifanye iwe ya kubomoa mnara mwenyewe kabla haujapigwa. Tandaza vyeti vyote mezani, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo na kitambulisho, usome majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha chuo hakijatoka, nenda ukakifuatilie. Kama jina halifanani, tafuta wakili, na hapo ndipo zile shilingi 80,000 zinapoanza kufanya kazi, pamoja na nauli na nakala zilizothibitishwa.

Na hii ndiyo sababu kusubiri Septemba ni kukosea hata kwa anayeziamini karata kwa moyo wote. Tangazo la kazi serikalini mara nyingi hukaa wazi wiki mbili. Baadaye wanachambua waombaji, wanatoa majina, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unaitwa kwa mahojiano, na baadhi ya kazi zina vitendo katikati. Waliofaulu wakazidi nafasi huwekwa kwenye kanzidata, wakaitwa nafasi ikipatikana. Hayo yote ni miezi. Barua inayokufikia Septemba ni ya mbegu uliyoifukia muda mrefu kabla. Mtoto wa Tukuyu hahitaji kufundishwa kwamba anayetaka kuvuna viazi hapandi siku ya kuvuna.

Mbegu hiyo kwenye duara lako ni Aprili, Fimbo Nane: fimbo nane ziko hewani, zinaruka, hazijatua. Ni karata ya habari na barua zilizotumwa. Ni fimbo pekee ulizonazo mwaka mzima, nami nisingejenga hoja kubwa juu ya hilo, ila ningezitumia. Tuma maombi manane Aprili. Kwa fani yako una pa kutuma bila kuvuka Makambako: wanunuzi wa parachichi Rungwe, chai ya Tukuyu, wasindika mpunga wa Mbarali na Kyela, miradi ya utafiti kule Uyole, vyama vya ushirika. Andika tarehe ya kila ombi na jina la uliyemwachia. Mkabala wake, Oktoba, ndipo kilipo Kifo. Kila mwaka nalazimika kulisema hili: katika picha ile mifupa imepanda farasi mweupe, imeshika bendera yenye ua, na nyuma yake jua liko katikati ya minara miwili. Inasomwa kama mwisho wa hali moja na mwanzo wa nyingine. Msimu wa Mbozi utakuwa umekwisha Septemba. Oktoba utakuwa umeacha kitu, hilo halihitaji karata. Ombi lolote kati ya yale manane ambalo miezi sita halijajibiwa, lifute kwenye daftari lako siku hiyo na uandike jipya. Hicho ndicho kinachokufa.

Juni na Desemba sasa. Panga Kumi inatazamana na Nyota. Nyota yako, mwanangu, ipo kwenye gurudumu, iko wazi juu kabisa, ni mwanamke anamimina maji, nusu ziwani nusu ardhini. Katika mpangilio wa Karata Kuu, Mnara ni wa 16 na Nyota ni ya 17, inaufuata mara moja. Nani kaifunga? Ile ya Juni ninaisoma hivi: utakapoketi kwenye mizani na shahada yako, wakulima wakikuita "karani", kuna picha uliyokuwa nayo kuhusu kazi ya kwanza ya msomi itakayokufa mikononi mwako. Pengine utalia usiku wa kwanza. Niliwahi kulia mimi, kwenye kazi yangu ya kwanza, nilipoambiwa nifagie ghala nililokuja kulisimamia. Maumivu ya picha iliyovunjika ni ya kweli, na huwa yana mwisho. Hayo ndiyo nisingetaka uyakimbie kwa kumsingizia mtu.

Januari, Mei, Julai na Novemba hazina neno zito. Sarafu Mbili ya Mei itakukuta ukigawanya pesa kidogo kati ya chumba cha Iyunga na safari. Sarafu Saba ya Julai ni mkulima ameegemea jembe anautazama mmea, amechoka, hajui kama utazaa, na kule Mbozi utamwona huyo kila asubuhi akiwa na gunia mgongoni.

Nakuomba jambo moja kuhusu namna ya kulitumia gurudumu kuanzia hapa. Usilipange tena. Mtu akipangiwa upya kila anapopata hofu, mwisho anachagua jibu analolitaka. Wala usikubali kuongezewa karata ya "kufafanua" juu ya Oktoba. Mbili zitaomba ya tatu. Nunua daftari dogo. Tarehe 1 ya kila mwezi andika sentensi moja: karata hii inaniuliza nini mwezi huu, na nitafanya nini. Tarehe ya mwisho andika kilichotokea, bila kugusa sentensi ya mwanzo hata kwa herufi. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kutambua kama karata ilikusaidia kufikiri au wewe ndiye uliyeivutia maana baada ya mambo kutokea. Akili ya binadamu ni hodari sana wa hilo la pili. Ukifika Juni ukaona daftari linakutia hofu kuliko linavyokusogeza, lifunge, karata hazitakudai kitu. Na kama imani ya nyumbani kwenu inakataza mambo haya, usiyafanye kwa siri ukiwa na dhamiri nzito. Kukagua vyeti na kutuma maombi manane hakuhitaji taroti.

Mbozi wajibu wiki hii, usingoje Februari iishe. Waulize mambo matatu kabla hujafika: posho ni kiasi gani na inalipwa lini, utalala wapi, na mwisho wa msimu watakupa barua inayosema ulifanya nini na kwa miezi mingapi. Hiyo ya tatu isisitize, na uombe ipigwe mhuri, kwa kuwa ndiyo sarafu ya kwanza utakayoitundika kwenye nguzo yako. Ukiwa kwenye mizani, jifunze pia wanavyopanga madaraja ya kahawa na wanavyofunga hesabu za mkulima mwisho wa msimu. Mwenye shahada ya biashara ya kilimo aliyewahi kuliona hilo kwa macho huwa na la kusema kwenye mahojiano.

Na mama yako mdogo, ukimpigia, usimweleze habari ya karata. Mwombe radhi kwa kutopokea simu. Mwambie unakwenda Mbozi Juni, na umuulize kama ana sweta la ziada, maana baridi ya huko mwezi huo unaijua.